Kona, kingo na nyuso: kila umbo linaniletea 2, fremu moja imeniletea 0. Nimekosea wapi?

#1 FundiGeji

Wakuu, salama. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Wiki iliyopita nilikuwa natengeneza kabati la vioo la kuuzia maandazi, la kawaida tu, kama sanduku. Kijana wa mteja yuko kidato cha tatu, alikaa juu ya ndoo ananiangalia. Akaniuliza kabati lina kona ngapi, paipu ngapi, vioo vingapi. Nikamwambia kona 8, paipu 12, vioo 6 ukiweka na cha chini. Akasema, "Fundi, toa paipu kwenye kona, halafu ongeza vioo." 8 - 12 + 6 = 2. Akaniambia nijaribu kazi yoyote ile, itakuja 2.

Nilijua ananichezea. Nikaanza kuhesabu kila kitu kilichopo karakana. Banda la kuku lenye paa la mgongo: 10 - 15 + 7 = 2. Kofia ya nguzo ya geti, ile ya piramidi: 5 - 8 + 5 = 2. Fremu ya hema: 6 - 9 + 5 = 2. Nikachukua kipande cha mbao cha mraba nikakipiga grenda kona moja, nikajua sasa nimeiua hesabu yake. Kona moja imeondoka zikazaliwa tatu, kingo tatu mpya, uso mmoja mpya. 10 - 15 + 7. Mbili tena! Na ni namba zilezile za banda la kuku, wakati havifanani hata kidogo.

Sasa jana nimemaliza fremu nene ya kioo cha ukutani. Paipu nne za mraba, ncha zote nimekata nyuzi 45, nikaunganisha. Kila kiungo kina kona 4, jumla 16. Nyuso: paipu nne, kila moja pande nne, 16. Kingo nimehesabu kwa chaki, 16 zinazofuata urefu wa paipu na 16 kwenye viungo, jumla 32. 16 - 32 + 16 = 0.

Nimerudia mara tatu. Kosa liko wapi?

#2 Kipara_wa_Mtaani

Kosa ni kumruhusu dogo akae kwenye ndoo bure. Angekushikia grenda muda huo.

#3 MwalimuZamu

Hiyo ni kanuni ya Euler, V - E + F = 2. V ni kona (vitabuni tunaita vipeo), E ni kingo, F ni nyuso. Masharti yake ni kwamba umbo liwe mbinuko, yaani ukichagua pointi mbili zozote ndani yake na kuvuta uzi ulionyooka, uzi usitokeze nje popote. Fremu yako ina tundu katikati, uzi unatokeza. Kwa hiyo kanuni haikuhusu. Kesi imefungwa.

#4 FundiGeji

Asante mwalimu, lakini subiri kidogo usifunge. Hapa nje kuna ngazi ya zege ya vidato viwili, ukiitazama ubavuni ni kama herufi L nene. Uzi kutoka ncha ya juu kwenda ncha ya chini unapita hewani. Kwa maneno yako si mbinuko. Nimehesabu kona 12, kingo 18, nyuso 8. 12 - 18 + 8 = 2.

Sasa inakuwaje?

#5 Omera_Mvuvi

Wakenya wa umri wangu mnakumbuka yale maziwa ya shule ya pakiti ya pembe nne, ile ukiilaza upande wowote ncha moja inatazama juu? Nimekaa hapa nikaihesabu kwa kichwa. Ncha 4, kingo 6, pande 4. Mbili pia. Na hiyo ndiyo ndogo kuliko zote, huwezi kufunga maziwa kwa pande tatu zilizonyooka, yatamwagika. Sijui kama inasaidia, nimekumbuka tu jinsi tulivyokuwa tunaipasua kwa meno.

#6 BintiMshono

Jamani mbona kwangu inakataa kabisa? Nilikulia kwa mjomba aliyekuwa anashona mipira, ile ya zamani ya vipande vyeusi na vyeupe. Vipande ni 32, hilo najua hata usiku wa manane: vyeusi 12 vya pembe tano, vyeupe 20 vya pembe sita. Kingo nimepiga 12 × 5 = 60, na 20 × 6 = 120, jumla 180. Kona vilevile 180 kwa hesabu hiyohiyo. 180 - 180 + 32 = 32. Hiyo 2 yenu iko wapi?

#7 Jaruba

BintiMshono, umehesabu vipande vikiwa bado mezani, havijashonwa. Mjomba wako akishona, mshono mmoja unakula ukingo wa kipande hiki na ukingo wa kipande cha jirani. Kingo mbili zinakuwa mshono mmoja. Kwa hiyo mishono ni 180 gawanya kwa 2, ni 90.

Kona nazo, tazama mpira wowote pale mishono inapokutana. Utakuta vipande vitatu daima, cheusi kimoja na vyeupe viwili. Kwa hiyo ncha 180 zinagawanywa kwa 3, zinakuwa 60.

60 - 90 + 32 = 2.

Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote kwenye hesabu hii. Namna ya kujishtukia ni rahisi: ukipata kingo na kona idadi sawa kwenye kitu kilichofungwa pande zote, umekosea. Kila kona inatoa angalau kingo tatu, na kila ukingo una ncha mbili tu, kwa hiyo kingo hazipungui mara moja na nusu ya kona.

#8 BintiMshono

Nimeelewa, na nimeona aibu kidogo maana ule mshono nimeushika kwa mikono yangu. Mjomba alikuwa anasema "mpira una mishono tisini" nikidhani ni msemo wake tu.

Basi nijibiwe na hili. Kuna wakati vilimpungukia vyeusi, akajaribu kushona mpira wa vyeupe vitupu. Ulikuwa haujikunji, unabaki umelala kama mkeka. Alilaumu ngozi.

#9 Jaruba

Ngozi haikuwa na kosa. Fanya hesabu ileile kwa pembesita tupu, vipande vitatu kila kona. Chukua vipande 20 kwa mfano: ncha 120, kingo 60, kona 40. 40 - 60 + 20 = 0. Weka idadi yoyote unayotaka, itakuja 0 tu, kamwe haifiki 2. Mpira haufungi.

Kila kipande cheusi unachoweka kinasogeza jumla juu kwa sehemu ya sita. Ili ufike 2 unahitaji vyeusi 12 kamili. Si 11, si 13. Vyeupe vinaweza kuwa 20 au visiwepo kabisa (vyeusi 12 peke yake vinafunga, kona 20, kingo 30), lakini vyeusi ni 12 daima, mradi kila kona ina vipande vitatu.

#10 Kipara_wa_Mtaani

Kwa hiyo mjomba alihitaji kumi na mbili weusi na mwamuzi. Endeleeni.

#11 Bloku_Sita

Nimesoma kuanzia juu. Mimi nafyatua matofali na ninapinga #3 kwa ushahidi. MwalimuZamu anasema shida ya fremu ni tundu. Nimechukua bloku lenye tundu moja la mraba lililotoboka mpaka upande wa pili. Kona za nje 8, za tunduni 8, jumla 16. Kingo za nje 12, za tunduni 12 (nne juu, nne chini, nne zinazoshuka), jumla 24. Nyuso za nje 6, kuta za tundu 4, jumla 10.

16 - 24 + 10 = 2.

Tundu lipo na 2 ipo. Fundi kakosea kuhesabu tu, aende akaongeze chaki.

#12 FundiGeji

Bloku_Sita, bloku lako na fremu yangu ni umbo lilelile! Fremu ni bloku fupi lenye tundu pana, hakuna kingine. Haiwezekani moja iwe 0 na nyingine 2.

#13 MwalimuZamu

Hapa nakiri nimekwama. Nimerudia hesabu ya #11 na ya #1, zote ziko sahihi. Nilikuwa nafundisha kwamba tundu linaharibu kanuni, na bloku linasema halijaharibu.

#14 Jaruba

Hamjakosea kuhesabu, mmetofautiana kwenye swali la uso ni nini.

Tazameni uso wa juu wa bloku. Ni mraba wenye mraba mwingine umetobolewa katikati, kama pete. Bloku_Sita ameuhesabu kama uso mmoja. Fundi kwenye fremu yake, kwa sababu ya zile nyuzi 45, ana mistari minne inayotoka kona za ndani kwenda kona za nje, kwa hiyo pete yake imekatika vipande vinne. Mbele vinne, nyuma vinne.

Kanuni inataka kila uso uwe kipande kizima ambacho ukikizungusha kamba pembezoni unapata mzunguko mmoja tu. Pete ina pembezo mbili, ya nje na ya ndani. Haifai. Itengeneze: chora mstari mmoja tu kutoka kona ya ndani hadi kona ya nje. Sasa ukifuata pembezo unapita nje, unaingia kwa ule mstari, unazunguka ndani, unatoka kwa mstari uleule. Mzunguko mmoja. Uso umebaki mmoja, lakini ukingo umeongezeka mmoja. Fanya juu, fanya chini: kingo 26. 16 - 26 + 10 = 0. Imekutana na fremu.

Ukichora mistari minne kila upande kama fundi: kingo 32, nyuso 16. Bado 0.

Na ile ngazi ya L ya #4 inatoa 2 kwa halali. Haina uso wa pete na haina tundu. Ukiwa na udongo laini ungeweza kuibonyeza mpaka iwe sanduku bila kuchana popote. Kwa hiyo "mbinuko" ni sharti linalotosha, lakini si la lazima.

#15 Kipara_wa_Mtaani

Leo nauliza kwa dhati. Yaani ukipata jibu usilolipenda unachora mstari mpaka lije unalolipenda? Nami nikichora mstari kwenye kabati la maandazi je?

#16 Jaruba

Swali zuri, nilikuwa nalisubiri. Chora. Kioo kimoja cha kabati, chora mstari kutoka kona hadi kona ya pili. Ukingo umeongezeka 1, kioo kimekuwa viwili, uso umeongezeka 1. Kimoja kinatolewa, kimoja kinaongezwa. Inabaki 2. Chora mia, inabaki 2. Kwenye uso halali mstari hauna madhara. Kwenye pete ndipo mstari wa kwanza unabadilisha jumla, kwa sababu haugawi kitu. Hiyo ndiyo dalili ya uso mbovu: chora mstari, ukiona nyuso hazijaongezeka, ulikuwa unahesabu pete.

Sababu ya yote haya naipenda kwa mpunga. Nimekulia mashambani Kilombero, majaruba mpaka macho yanachoka. Chukulia kila uso wa umbo ni jaruba, kila ukingo ni tuta, kila kona ni pale matuta yanapokutana. Maji yameingia jaruba moja. Unataka yafike yote, na hutaki kubomoa tuta lisilo la lazima, yaani usibomoe kamwe kati ya majaruba mawili ambayo yote yameshalowa. Kila tuta unalobomoa linalowesha jaruba moja jipya. Kwa hiyo utabomoa matuta sawa na majaruba kutoa moja.

Yaliyobaki yakoje? Hayawezi kufanya duara, maana ndani ya duara kungebaki jaruba kavu. Na hayawezi kukatika makundi mawili, maana maji yangekuwa yamezunguka kundi zima, na hilo ni tuta ulilobomoa bure. Ni kama matawi ya mti mmoja unaogusa kona zote, na mti wa hivyo una matawi sawa na kona kutoa moja.

Jumla: kingo = (kona - 1) + (nyuso - 1). Kwa kabati: 7 yamebaki, 5 yamebomolewa, 12. Hamisha upande mmoja na 2 yako ile pale, ni zile moja mbili tulizotoa.

Kwenye fremu, duara la matuta linaweza kuzunguka bomba la fremu au kuzunguka tundu bila kufungia jaruba lolote kavu. Yanabaki matuta mawili ya ziada. 15 + 15 + 2 = 32. Ndizo kingo za fundi.

#17 BintiMshono

Hiyo ya maji imenikaa. Nimeichora kwenye boksi la sabuni kwa kalamu, nikabomoa matano, mti ukabaki. Asante.

#18 Pemba_Safi

Samahani naingilia. Mimi nina pipa la maji, la duara. Nyuso tatu (juu, chini, ubavu), kingo mbili za duara, kona hakuna. 0 - 2 + 3 = 1. Ina maana pipa langu lina nusu tundu? Maana linavuja kweli.

#19 Jaruba

Pipa linavuja kwa kutu, hesabu haihusiki. Mche duara si umbo la nyuso bapa, lakini unaweza kulilazimisha. Ubavu wake una pembezo mbili, ya juu na ya chini, ni pete ileile ya bloku imevaa nguo nyingine. Weka ule mshono wa bati unaoshuka kutoka juu hadi chini: kona 2, kingo 3, nyuso 3. Mbili.

#20 Pemba_Safi

Mshono upo kweli, ndipo linapovuja.

#21 Shangazi_Katoni

Nimewasoma, nami nina langu, na nadhani linamjibu Kipara vizuri zaidi ya ile mistari. Nakunja katoni za zawadi na keki. Sisi hatuhesabu kona, tunatazama kona inakosa nini. Ukikata kona ya katoni ukailaza mezani, haijai duara la nyuzi 360. Kona ya sanduku ina pembe tatu za nyuzi 90, jumla 270, imekosa 90. Upungufu huo ndio unaofanya karatasi isimame.

Jumlisha upungufu wa kona zote. Sanduku: 8 × 90 = 720. Pakiti ya maziwa ya Omera, kama pande zake ni pembetatu sawa, kila kona ina 60 tatu, imekosa 180. 4 × 180 = 720. Mpira wa BintiMshono: kona moja ina 108 na 120 mbili, jumla 348, imekosa 12 tu, ndiyo maana ni mviringo. 60 × 12 = 720. Kile kipande cha fundi kilichopigwa grenda kwa usawa: kona ya 90 imeondoka, zimekuja tatu, kila moja ina 60 na 135 mbili, imekosa 30. Tatu za 30 ni 90. Hakuna kilichopotea.

Sasa bloku, bila kuchora mstari wowote. Kona nane za nje, kila moja imekosa 90: 720. Kona nane za tunduni, juu kuna pembe ya 270, na kuta mbili za 90. Jumla 450. Imezidi 90! Nane zimezidi 720. Kutoa na kujumlisha, sifuri. Kwa hiyo bloku ni 0, hata Bloku_Sita asichore chochote. Mstari wa Jaruba haukulazimisha jibu.

#22 Bloku_Sita

Nimenyamaza. Siyo kwamba nimekubali, nimenyamaza.

#23 MwalimuZamu

Shangazi, hiyo ni nzuri mno. Wanafunzi wangu wanajua kanuni kwa kukariri, na mwaka jana mmoja aliniuliza "kwa nini 2?" nikamwambia ndivyo Euler alivyothibitisha.

#24 Kumbukumbu

MwalimuZamu, hata hapo pana marekebisho. Euler alimwandikia mwanahisabati mwenzake Goldbach mwaka 1750 akimweleza kanuni na kukiri kwamba hawezi kuithibitisha. Baadaye akatoa uthibitisho wa kukata kona moja moja mpaka libaki umbo la pembe nne (ile pakiti ya Omera), lakini hakuangalia vizuri namna ya kukata, na ukikata vibaya unapata kitu kilichovunjika. Uthibitisho usio na pengo kwa maumbo mbinuko aliutoa Legendre mwaka 1794. Na aliyeandika mapema kuhusu maumbo yenye tundu, mwanzoni mwa karne ya 19, ni Mswisi aitwaye Lhuilier. Yeye alisumbuliwa na mambo yaleyale ya uzi huu, tundu na uso wa pete.

Na hiyo 720 ya Shangazi ni ya Descartes, karibu 1630, zaidi ya miaka mia kabla ya Euler. Maandishi yake yalipotea. Leibniz alikuwa amejinakilia mwaka 1676, na nakala hiyo ikaonekana tena kwenye karatasi zake karibu 1860. Kwa hiyo kanuni ni ya Descartes.

#25 Omera_Mvuvi

Ngoja. Descartes aliandika kwamba kona kutoa kingo kuongeza nyuso ni 2?

#26 Kumbukumbu

Hakuandika hivyo. Aliandika jumla ya upungufu, na idadi ya pembe za nyuso zote. Kutoka hapo kwenda kwenye 2 ni hatua moja.

#27 Omera_Mvuvi

Basi si yake. Mimi na samaki kuna hatua moja, naye bado yuko ziwani.

#28 Jaruba

Niko na Omera. Descartes hakuwa anahesabu kingo kama kitu chenyewe, alihesabu pembe. Euler ndiye aliyeona kwamba ukingo unastahili kuhesabiwa sawa na kona. Ukisoma 720 bila kuwaza kingo huwezi kuiona 2.

#29 Shangazi_Katoni

Nami niko na Kumbukumbu, na si kwa sababu amenitetea. Majaruba yako yanamweleza mtu kwamba hesabu inakubali. Upungufu unamweleza kwa nini kitu kinajifunga. Ukiondoa upungufu una mkeka, kama ule wa mjomba wa BintiMshono.

#30 Jaruba

Lakini upungufu unahitaji nyuzi, na nyuzi zinahitaji nyuso bapa zilizonyooka. Ukikunja katoni lako likavimba kwa unyevu, nyuzi zote zimebadilika na 2 haijabadilika. Kitu kisichojali nyuzi hakiwezi kuwa kimesababishwa na nyuzi.

#31 Shangazi_Katoni

Likivimba upungufu unahamia kwenye tumbo la katoni, lakini jumla ni ileile 720. Tafuta unielewe.

#32 Kipara_wa_Mtaani

Wazee wanagombania sanduku tupu.

#33 FundiGeji

Wakuu asanteni, fremu nimeipeleka kwa mteja na 0 yake. Dogo nilimwonyesha, akakaa kimya muda mrefu juu ya ndoo, halafu akasema mwalimu wao hakuwaambia hiyo.

Ila nina jipya. Leo nimeazima kwa jirani bloku la matundu mawili. Kwanza nikahesabu kizembe kama Bloku_Sita: kona 24, kingo 36, nyuso 14. Imekuja 2! Inaonekana hesabu ya kizembe inaleta 2 hata ukitoboa kumi, kila tundu linaleta kona 8, kingo 12, kuta 4, halafu zinajifuta zenyewe. Ndiyo maana inadanganya.

Nikachora mistari. Uso wa juu sasa una pembezo tatu, nikaona mstari mmoja hautoshi, nikaweka miwili, na chini miwili. Kingo 40. 24 - 40 + 14 = -2. Nikaenda kwa njia ya Shangazi: kona za nje zimekosa 720, za matunduni 16 zimezidi 90 kila moja, 1440. Jumla imezidi 720.

Kwa hiyo njia zote mbili zinakubaliana, na tundu moja linashusha 2. Nisichoelewa ni hiki: kabati limekosa 720 likajifunga. Hili limezidi 720 na bado limejifunga, nimelikalia hapa naandika. Shangazi, ulisema upungufu ndio unaofunga. Hili limefungwa na nini?

#34 Shangazi_Katoni

Niko na oda ya katoni za keki mpaka Jumamosi. Jaruba mwanangu, mjibu fundi, nitakuja kukukosoa.

#35 Bloku_Sita

Limefungwa na saruji.